Namna ya kumwandikia mteja wa bima ya moto pale maneno ya mkataba yanapobadilika: mwongozo kamili kwa mawakala na maofisa wa bima Unguja na Pemba

Kampuni ya bima inapobadilisha maneno ya mkataba wake, swali la kwanza la mteja huwa halihusu maneno hayo mapya. Anachotaka kujua ni kama bima aliyokwishailipia bado iko palepale. Tangazo lisilojibu swali hilo katika sentensi zake za mwanzo humwacha na hofu, au humwacha akiamini kwamba hakuna kilichobadilika, na hili la pili ndilo lenye madhara makubwa zaidi kwa sababu hugunduliwa siku ya dai. Mwongozo huu unaeleza kazi yote ya kuandaa tangazo la aina hiyo, nao umejengwa juu ya kesi moja: bima ya moto ya nyumba ya wageni yenye mapaa ya makuti, biashara inayopatikana katika pwani yote ya mashariki ya Unguja na ambayo makampuni ya bima huitazama kwa uangalifu, kwa kuwa makuti yakishika moto penye upepo hayatoi nafasi ya kuokoa kitu.

Tuichukue nyumba ya wageni iliyopo Jambiani. Ina vyumba vinane vya matofali, ukumbi wa kulia wenye paa la makuti, na banda la jiko nyuma ya ukumbi. Mkataba wake ulianza tarehe 1 Septemba 2025 na unamalizika tarehe 31 Agosti 2026. Ada ya mwaka ni shilingi 1,460,000, nayo imelipwa yote. Kampuni imeamua kwamba kuanzia tarehe 1 Machi 2026 itatumia maneno mapya. Majina na hesabu ni za mfano, lakini mkanganyiko unaotokea ndio uleule unaokutwa maofisini.

Hatua ya kwanza: weka maneno ya zamani na mapya ubavu kwa ubavu

Usianze kuandika barua kabla ya kusoma mikataba yote miwili, kipengele kwa kipengele. Muhtasari unaotumwa na makao makuu hautoshi, kwa sababu aliyeutunga aliutunga kwa ajili ya wafanyakazi wenzake. Gawa ukurasa pande mbili, ya zamani kushoto na mapya kulia, kisha mbele ya kila badiliko andika moja kati ya mambo matatu: linapunguza kinga, linaongeza kinga, au linabadilisha lugha tu bila kubadili haki ya mtu. Badiliko usiloweza kuliweka katika fungu lolote kati ya hayo ni badiliko ambalo hujalielewa, na hapo simu kwa ofisa anayepima hatari wa kampuni haikwepeki. Muulize pia kama maneno hayo yamekwishapita Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, maana haifai kuwatangazia watu mkataba ambao bado unaweza kurekebishwa.

Katika kesi yetu mabadiliko yenye uzito ni mawili. Mkataba wa zamani ulisema: «Mwenye bima atachukua tahadhari za kawaida za kuzuia moto.» Mkataba mpya unasema: «Ni sharti la kinga hii kwamba hakutakuwa na jiko, mtungi wa gesi wala chombo chochote cha moto wa wazi ndani ya mita 5 kutoka paa la makuti, na kwamba nyaya za umeme zitakaguliwa na fundi mwenye leseni kila baada ya miezi 12.» La pili ni kiasi ambacho mteja anajibebea mwenyewe kabla ya kampuni kulipa. Zamani kilikuwa asilimia 5 ya hasara, sasa kimekuwa asilimia 10.

Badiliko la pili ni rahisi kulieleza, kwa kuwa hesabu inajieleza yenyewe. Hasara ikiwa shilingi 12,000,000, zamani mteja alijibebea 600,000 na kulipwa 11,400,000. Sasa atajibebea 1,200,000 na kulipwa 10,800,000. Weka mfano huo katika barua kama ulivyo. Asilimia peke yake haimwonyeshi mtu fedha zinazotoka mfukoni mwake.

Badiliko la kwanza ndilo linalohitaji muda wako. Tahadhari za kawaida ni jambo la kupimwa baada ya tukio, na mteja huweza kujitetea kwamba alifanya kama wafanyavyo majirani zake wenye biashara kama yake. Sharti la mita 5 halina utetezi wa namna hiyo, kwani ama limetimizwa au halikutimizwa. Kwa hiyo mambo mawili lazima yajulikane kabla barua haijaandikwa. Kwanza, sharti likivunjwa, dai zima linakataliwa, au linakataliwa tu pale ambapo uvunjaji huo ndio ulioleta hasara? Mwenye nyumba ambaye mtungi wake wa gesi uko mita 3 kutoka makuti, kisha moto ukaanzia kwenye waya wa chumba namba sita, anastahili kujua mapema kama atalipwa au hatalipwa. Mikataba haifanani katika jambo hili, na jibu linapaswa kutoka katika maneno yenyewe ya mkataba ulio mbele yako.

Pili, maneno yanaishia wapi? Nenda kwenye nyumba yenyewe ukiwa na futi ya fundi, usimame pale jikoni. Mita 5 zinapimwa kutoka nguzo, ukuta, au ukingo wa upenu ambako makuti yananing'inia? Katika banda lenye upenu mrefu, tofauti ya vipimo hivyo yaweza kufika mita nzima na zaidi, na jiko lililo salama kwa kipimo kimoja likawa limevunja sharti kwa kipimo kingine. Halafu kuna chetezo. Ukumbi wa wageni wengi hufukizwa udi jioni, na chetezo chenye makaa ni chombo cha moto wa wazi kwa maana ya kawaida ya maneno hayo. Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kuchoma inayowekwa chini ya meza wakati wa chakula cha usiku. Aliyeandika sharti hilo huenda alikuwa anafikiria majiko na taa za mafuta tu, lakini mteja wako ataishi nalo akiwa na chetezo chake. Iulize kampuni kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi, na jibu hilo liingie katika tangazo. Naiona kazi hii kuwa ndiyo thamani halisi ya wakala, kwa sababu baada ya moto jibu la swali hilohilo huandikwa na mtu mwenye hasara ya kuepuka.

Hatua ya pili: tambua tarehe gani inatawala nini

Mkataba wa bima ni makubaliano ya pande mbili kwa muda maalumu na kwa ada maalumu. Upande mmoja hauwezi katikati ya muda huo kupunguza kinga ambayo upande wa pili umeilipia, isipokuwa mkataba wenyewe umetoa ruhusa hiyo au mteja amekubali. Ndiyo maana, kwa kawaida, maneno mapya humfikia mteja aliyepo siku anapohuisha bima. Tarehe 1 Machi 2026 ni ya wateja wapya na ya wale ambao mikataba yao inahuishwa siku hiyo au baadaye. Kwa nyumba yetu ya Jambiani, maneno ya zamani yanaendelea hadi mwisho wa tarehe 31 Agosti 2026.

Kinachoamua maneno yapi yatatumika ni siku ambayo hasara ilitokea, si siku iliporipotiwa. Moto ukitokea tarehe 20 Agosti, kisha mwenye nyumba akaleta taarifa tarehe 4 Septemba kwa sababu alikuwa safarini Pemba, dai lake linapimwa kwa mkataba wa zamani pamoja na asilimia 5 yake. Kuchelewa kutoa taarifa kunaweza kuwa tatizo jingine kwa mujibu wa kipengele cha taarifa, lakini hakumhamishi mteja kwenye maneno mapya. Nimeona jambo hili likichanganywa hata na watu wa ofisini wanaofungua dai kwa kutumia fomu iliyopo mezani siku hiyo, na mteja asiyejua haki yake hutia saini.

Kuna hali tatu zinazotaka ufafanuzi wake. Ya kwanza ni nyongeza ya katikati ya mwaka. Tuseme mwezi wa Aprili mwenye nyumba anajenga banda jipya la makuti na kuliingiza katika bima. Hati ya nyongeza hufuata mkataba iliounganishwa nao, hivyo banda hilo nalo linakuwa chini ya maneno ya zamani hadi Agosti, ila kama hati yenyewe imeandikwa vinginevyo. Isome hati kabla ya kumkabidhi mteja, kwa kuwa huko ndiko maneno mapya hupenya bila mtu kuyatangaza.

Hali ya pili ni kuchelewa kuhuisha. Mteja akilipa ada tarehe 10 Septemba badala ya tarehe 1, mkataba wake wa zamani umekwisha na hauongezwi kwa nia njema ya wakala. Siku hizo tisa hana kinga yoyote, na mkataba anaoupata tarehe 10 ni wenye maneno mapya.

Hali ya tatu ni pale kampuni inapotaka maneno mapya yaanze mapema kwa wateja wote. Hapo njia ni mbili tu. Moja ni kumwomba mteja akubali kwa saini, na ni haki aulizwe akiwa anajua kwamba anaweza kukataa, na kwamba anaweza kudai ada ipunguzwe kwa kinga inayopungua. Nyingine ni kampuni kutumia kipengele cha kusitisha mkataba, kwa muda wa taarifa uliotajwa humo, na kurudisha ada ya siku zilizobaki. Kwa Jambiani hesabu ni hii: shilingi 1,460,000 ukigawa kwa siku 365 unapata 4,000 kwa siku, kutoka tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti 2026 ni siku 184, kwa hiyo mteja anarudishiwa shilingi 736,000. Tangazo linalosema maneno mapya yanaanza kutumika mara moja bila kufuata mojawapo ya njia hizo halifai kusambazwa, na wakala ana wajibu wa kulirudisha lilikotoka.

Jambo moja dogo la saa. Mikataba mingi huisha usiku wa manane, na kwetu usiku hutangulia mchana wake. Ukimwambia mzee kwamba bima inaisha «usiku wa Jumanne», ataelewa usiku wa baada ya Jumatatu, ilhali ofisa kijana ataelewa usiku unaofuata Jumanne yenyewe. Andika kwa ukamilifu: saa sita kamili usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 1 Septemba 2026.

Hatua ya tatu: jua nani anapaswa kupata tangazo

Toa orodha ya mikataba yote inayoguswa na uipange kwa tarehe ya kuhuisha. Mteja ambaye mkataba wake unaisha Machi anahitaji barua leo na simu kesho, kwani kusogeza jiko na kumleta fundi umeme si kazi ya siku mbili. Yule wa Agosti anaweza kupata barua sasa na ukumbusho siku 60 kabla.

Kisha tazama ni nani hasa aliye nyuma ya jina lililoandikwa. Majengo mengi kwetu ni mali ya warithi walioshirikiana; hati ina jina la kaka mkubwa anayeishi Mjini, biashara inaendeshwa na dada aliyepo Jambiani, na sharti la mtungi wa gesi linamhusu huyo dada kila siku. Barua rasmi inakwenda kwa mwenye jina, kwa kuwa yeye ndiye upande wa mkataba, lakini mwombe ridhaa ya kumpelekea nakala anayeendesha. Jengo likiwa rehani, benki iliyotajwa katika mkataba nayo ipate nakala, maana kinga ikipungua dhamana yake inapungua, na mara nyingi mkataba wa mkopo unamtaka mkopaji awe na bima ya kiwango fulani.

Hatua ya nne: andika barua

Mpangilio ninaoupendekeza unaanza na hali ya bima aliyonayo mteja, unafuata tarehe ya badiliko, kisha kilichobadilika, kisha anachotakiwa kufanya. Sababu za kampuni zije mwisho, tena kwa sentensi moja. Barua ya kesi yetu ingekuwa hivi:

> YAH: MABADILIKO YA MANENO YA MKATABA WA BIMA YA MOTO NA ATHARI YAKE KWA KINGA ULIYONAYO
>
> Ndugu mteja, assalaam aleikum.
>
> Bima yako ya moto iliyoanza tarehe 1 Septemba 2025 inaendelea kama ilivyo, kwa masharti yaleyale na bila ada ya ziada, hadi saa sita kamili usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 1 Septemba 2026. Hasara yoyote itakayotokea kabla ya wakati huo itashughulikiwa kwa maneno ya mkataba ulionao sasa, hata kama taarifa yake itatufikia baadaye.
>
> Ukihuisha bima yako kuanzia tarehe hiyo, mkataba mpya utakuwa na mabadiliko mawili yanayopunguza kinga yako.
>
> La kwanza: jiko, mtungi wa gesi na chombo chochote cha moto wa wazi visiwe ndani ya mita 5 kutoka paa la makuti, kipimo kikianzia ukingo wa nje wa makuti. Kampuni imethibitisha kwa maandishi kwamba chetezo na dawa ya mbu ya kuchoma vimo katika sharti hili. Nyaya za umeme zikaguliwe na fundi mwenye leseni kila baada ya miezi 12, na cheti chake kihifadhiwe. Sharti hili lisipotimizwa, kampuni inaweza kukataa dai lote la moto, hata kama moto haukuanzia hapo.
>
> La pili: sehemu ya hasara unayojibebea itapanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 10. Kwa hasara ya shilingi 12,000,000, utalipwa 10,800,000 badala ya 11,400,000.
>
> Kabla ya tarehe 1 Agosti 2026 tunakuomba upime umbali wa jiko lako na ukumbi, umwite fundi umeme, na utujulishe kama kuna jambo lisilowezekana katika jengo lako, ili tuzungumze na kampuni kabla hujalipa. Huna wajibu wa kuhuisha kwetu iwapo masharti haya hayakufai.
>
> Mabadiliko haya yametokana na hatari ya moto katika majengo ya makuti. Nakala ya mkataba mpya imeambatanishwa, na vipengele vilivyobadilika vimetiwa alama.

Angalia kwamba barua inasema wazi «yanayopunguza kinga yako». Maofisi hupenda kuandika «kuboresha mkataba» hata pale panapopunguzwa, na mteja akisoma neno hilo huweka barua kabatini bila kufika mwisho. Kama mkataba mpya unaongeza kinga mahali fulani, liseme hilo baada ya yanayopunguza na usiyachanganye katika aya moja. Yale ya lugha tu hayahitaji maelezo. Yatajwe kwamba yapo na hayagusi haki.

Rasimu ikikamilika, mpe mtu asiyefanya kazi ya bima, afadhali mpishi au msimamizi wa nyumba ya wageni, aisome mara moja. Baadaye muulize bila yeye kuitazama: moto ukitokea wiki ijayo, utalipwa kwa mkataba upi? Ni kitu gani uhamishe, na kwa umbali gani? Mwisho wa kukihamisha ni lini? Akikosea jibu moja, barua ndiyo yenye kasoro.

Hatua ya tano: ifikishe, na uwe na ushahidi kwamba imefika

Barua ipelekwe kwa mkono na isainiwe katika daftari la makabidhiano, ikiwa na tarehe na jina la aliyepokea. Kwa wateja wa Wete, Chake Chake na Mkoani, itume kupitia mtu wa ofisi aliyepo Pemba badala ya kuituma kwa abiria wa boti. Ujumbe wa simu ni wa kumshitua mteja tu, hauchukui nafasi ya barua. Uwe mfupi: «Bima yako ya moto inaendelea bila badiliko hadi 31/8/2026. Ukihuisha, masharti ya jiko, umeme na malipo ya dai yatabadilika. Barua kamili inakuja. Tafadhali isome kabla ya 1/8/2026.» Usitume ujumbe wenye maneno «mkataba wako umebadilika», kwa sababu si kweli kwa mteja ambaye muda wake haujaisha.

Siku zinazofuata, sikiliza simu zinazoingia. Wengi wakiuliza kama bima imekufa, sentensi ya kwanza haikueleweka na inafaa kutuma ufafanuzi. Wakianza kuleta fedha za nyongeza, wamedhani ada imepanda. Kimya kitupu ndicho kibaya zaidi, na dawa yake ni kuwapigia wale wenye mapaa ya makuti mmoja mmoja na kuwauliza jiko liko wapi.

Mteja asiyeridhika na jibu la kampuni kuhusu tarehe au maneno yanayomhusu aelekezwe kwanza kwenye dawati la malalamiko la kampuni, halafu TIRA, ambayo ina ofisi Zanzibar, au kwa msuluhishi wa migogoro ya bima. Mpe maelekezo hayo hata kama yanaigusa ofisi yako.

Katika jalada la kila mteja hifadhi nakala ya mkataba wa zamani, nakala ya mpya, barua yenye saini ya mapokezi, na jibu la kampuni kuhusu chetezo na kipimo cha mita 5. Mkataba wa zamani usiondolewe siku bima inapohuishwa, kwani dai la hasara iliyotokea Agosti linaweza bado kuwa mezani mwezi wa Desemba, nalo litasomwa kwa karatasi hiyohiyo.